"Lipa au naisambaza": namna ya kusoma ujumbe wa vitisho na kuuhifadhi kama ushahidi

Mwongozo huu unahusu aina moja tu ya vitisho, ile inayowapata watu wengi: mtu amekupata kwenye Instagram au Facebook, mkahamia WhatsApp, mkapigiana simu ya video au ukamtumia picha ya faragha, na sasa anadai hela asiisambaze. Saa chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama utabaki na ushahidi au utabaki na maneno matupu, maana mtishaji anaweza kufuta alichoandika hata ndani ya simu yako.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwenye duka la vipuri mjini Malaba, Uganda, alipigiwa simu ya video saa 21:08 kwa saa ya simu. Ilidumu dakika nne. Saa 21:17 ukaingia ujumbe huu kutoka namba ya +256:

"Sikiliza vizuri. Nina video yako yote. Nina orodha ya marafiki zako wa Instagram na mkeo yumo. Tuma 1,500,000 kwa namba hii ndani ya dakika 30, la sivyo naanza kuituma. Ukiniblock naipandisha YouTube. Usiende polisi, wataanza na wewe."

Kwanza: zima mtandao kabla ya kufanya lolote

Usijibu, usilipe, usimblock, usifute chochote. Washa hali ya ndege, kisha hakikisha Wi-Fi nayo imezimika, kwa sababu simu nyingi za Android huweza kuiacha ikiwaka hata ukiwa kwenye hali ya ndege.

WhatsApp humruhusu mtumaji kumfutia kila mtu ujumbe wake kwa muda wa takriban siku mbili na nusu tangu autume. Akibonyeza "Delete for everyone", maneno yake yanatoweka kwenye simu yako na unabaki na mstari unaosema kuwa ujumbe umefutwa. Lakini amri hiyo ya kufuta husafiri kwa mtandao. Simu ikiwa nje ya mtandao, amri haifiki, nawe una nafasi ya kupiga picha kila kitu. Faida nyingine ni kwamba ukifungua mazungumzo ukiwa nje ya mtandao, alama za bluu hazimfikii hadi urudi hewani, kwa hiyo hajui kama umesoma.

Kuna kitu kimoja ambacho hali ya ndege haikizuii. Kama mazungumzo yamewekwa kujifuta yenyewe, baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, saa hiyo inaendelea kuhesabu ndani ya simu yako. Angalia juu ya mazungumzo au gusa jina lake uone kama "Disappearing messages" imewashwa. Ikiwa imewekwa saa 24, fanya kazi yote usiku huohuo. Usihangaike kuizima: kuizima hakuokoi ujumbe uliokwisha kuingia, na mazungumzo yataonyesha kwamba wewe umebadilisha mpangilio, jambo litakalomwambia kwamba unashughulika.

Telegram na Instagram ni hatari zaidi kwa upande huu. Huko mtu anaweza kuondoa ujumbe wake wakati wowote, hata baada ya wiki, na kwenye Telegram anaweza kufuta mazungumzo yote pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Mazungumzo yakiwa huko, kuzima mtandao ni jambo la dakika, si la saa.

Akiwa ametuma picha ya kutazamwa mara moja, ile yenye tarakimu 1 ndani ya duara, usiifungue bado. Ukishaifungua na kuifunga imekwenda, na WhatsApp haikubali kupigwa picha ya skrini ukiwa umeifungua. Tafuta simu ya pili, iwe yako au ya mtu unayemwamini kabisa, iweke tayari kwenye kamera, ndipo uifungue na kupiga picha ya skrini kwa simu hiyo ya pili. Una siku 14 kabla haijaisha muda bila kufunguliwa, ingawa ukiwa hewani naye anaweza kuifuta mapema.

Pili: usome ujumbe sentensi moja moja

Ukiwa umezima mtandao, keti uusome. Ujumbe wa namna hii umetungwa ili usomwe kwa pigo moja la hofu, lakini ukiuvunjavunja unakuta kila sentensi ina kazi yake, na si zote zenye ukweli sawa.

"Nina video yako yote." Je, ameonyesha? Kama ametuma kipande au picha iliyokatwa kutoka kwenye ile simu, chukulia kwamba anayo. Kama hajaonyesha, huenda anabahatisha, lakini usimuombe sampuli. Kumuomba kunamwambia kwamba umeogopa, na kunaingiza kitu kingine cha faragha kwenye simu yako bila sababu. Kwa uhifadhi wa ushahidi haileti tofauti: tishio ni tishio, anayo au hana.

"Nina orodha ya marafiki zako." Hii mara nyingi ni kweli, na haihitaji udukuzi. Orodha ya wafuasi wa Instagram iko wazi akaunti ikiwa ya umma, na hata ikiwa ya faragha, ulimfungulia mlango ulipokubali ombi lake. Ametaja mkeo kwa sababu jina la mwisho linafanana au kwa sababu mmepiga picha pamoja. Haina maana kwamba yumo ndani ya simu yako.

"Ndani ya dakika 30." Muda huo umewekwa ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Katika mfano wetu dakika 30 zilipita, na saa 21:52 akatuma picha ya skrini inayoonyesha video ikipandishwa YouTube, imefika asilimia 87. Picha kama hiyo hutengenezwa mara moja na kutumiwa watu wote. Dalili ya kwanza ni mstari wa juu wa simu yake: ukiona saa inayoonekana pale haifanani na saa aliyotuma, huenda picha ni ya zamani. Iandike tofauti hiyo kwenye daftari.

Kisha saa 22:20: "Basi tuma hata 300,000 yaishe." Hapa ndipo watu wengi hulipa, wakidhani wamepata nafuu. Yeye anapima kina. Anayetoka milioni moja na nusu hadi laki tatu kwa muda wa kama saa moja hana bei, ana mfuko anaoutafuta, na ukilipa laki tatu amejua kwamba mfuko una kitu. Kushuka kwa bei ni ushahidi mzuri sana mbele ya mpelelezi, maana hauachi shaka kwamba lengo lilikuwa hela. Hakikisha picha zako zinaonyesha madai yote mawili kwa mfuatano.

"Usiende polisi, wataanza na wewe." Nitarudi hapa, kwa sababu hofu hii ina mizizi na haifai kupuuzwa.

Na namba yenyewe? Msimbo wa nchi unaonyesha laini ilikosajiliwa, hauonyeshi mtu alipo. Namba ya +256 inaweza kuendeshwa na mtu aliye mbali, mradi aliwahi kupokea ile SMS ya uthibitisho ya WhatsApp. Na laini nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Kwa sababu hiyo, hata ukigundua jina lililofungamana na namba ya kupokea hela, liandike tu. Usimpigie, usimweke Facebook, usimfuate nyumbani kwake na vijana wa stage ya boda. Unaweza kumvamia bibi ambaye kitambulisho chake kilitumika miaka mitatu iliyopita.

Tatu: piga picha kwa mpangilio

Kosa kubwa kuliko yote ni kupiga picha ya tishio peke yake. Anayeisoma baadaye anaona maneno mabaya, na juu yake jina ulilolihifadhi wewe mwenyewe, tuseme "Mrembo Insta". Namba haionekani. Tarehe haionekani pia, kwa sababu WhatsApp huandika "Today" au "Yesterday" badala ya tarehe. Picha hiyo haithibitishi nani alisema wala lini.

Dawa yake ni kurekodi skrini mfululizo, bila kukatiza. Simu nyingi zina kitufe cha kurekodi skrini kwenye menyu inayoshuka kutoka juu. Zima kipaza sauti cha kurekodi usije ukanasa mazungumzo ya nyumbani. Anza kwa kushusha menyu hiyo ili tarehe kamili na saa zionekane. Fungua WhatsApp, ingia kwenye mazungumzo, gusa jina lake juu ili ukurasa wenye namba nzima na picha yake uonekane, subiri sekunde tatu, rudi, kisha panda hadi ujumbe wa kwanza kabisa mliowasiliana na ushuke polepole hadi wa mwisho. Polepole maana yake kila ukurasa usomeke ukisimamisha video. Pitia pia orodha ya simu zilizopigwa, ambako ile simu ya video ya 21:08 na muda wake wa dakika nne umeandikwa.

Baada ya hapo ndipo upige picha za skrini moja moja, kila picha ikianza na mstari wa mwisho wa picha iliyotangulia ili isionekane umeruka kitu. Usikate kingo, usichore duara jekundu, usifiche chochote juu ya picha asili. Ukitaka nakala iliyofichwa sehemu za mwili kwa ajili ya kumwonyesha wakili au ndugu, tengeneza nakala, uifiche hiyo, asili ibaki ilivyo.

Usimwondoe kwenye orodha ya namba zako na usibadilishe jina ulilompa. Rekodi ya skrini imeshaunganisha jina na namba. Ukibadilisha sasa, picha na simu hazitalingana.

Rudi hewani pale tu rekodi na picha zimekamilika. Ujumbe mpya unaweza kuingia kwa wingi, na wa zamani unaweza kutoweka mbele ya macho yako. Usishtuke, tayari unao. Huo mstari wa "ujumbe umefutwa" nao upige picha, kwa kuwa unaonyesha alijaribu kuficha.

Sasa toa mazungumzo kama maandishi: fungua menyu ya mazungumzo, "More", kisha "Export chat", na uchague bila picha na video. Faili hili lina tarehe kamili na saa ya kila ujumbe, ndiyo sababu linakamilisha picha za skrini ambazo zinasema "Today". Lakini hatua hii ina mtego: skrini inayofuata inakuuliza umtumie nani, na watu unaowasiliana nao mara kwa mara ndio wanaojipanga mbele. Kidole kikiteleza umemtumia mama mkwe. Chagua kulihifadhi kwenye simu au kwenye barua pepe yako mwenyewe, na usome jina mara mbili kabla ya kubonyeza. Faili la maandishi peke yake halina uzito mkubwa kwa kuwa yeyote anaweza kulihariri. Linasimama kwa sababu simu yenyewe ipo na inasema vilevile.

Kwenye Instagram na Facebook, nakili pia kiungo cha ukurasa wake, si jina tu. Jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja. Fungua ukurasa wake kupitia kivinjari na uandike anwani nzima kama ilivyo, pamoja na tarehe uliyoiona. Kwa kuwa watu wengi wa hapa Uganda wameizoea Facebook kwa VPN tangu ilipofungwa Januari 2021, andika kwenye daftari kama ulikuwa umewasha VPN. Orodha ya mahali ulikoingilia akaunti yako inaweza kuonyesha nchi ya kigeni, na usipoeleza mapema mtu anaweza kudhani ni mtishaji aliyeingia.

Nne: daftari

Nunua daftari la kawaida la mistari. Kila tukio mstari mmoja: tarehe, saa, namba au akaunti iliyotumika, alichosema kwa maneno yake, namba ya picha inayoonyesha, na ulichofanya wewe. Mistari ya mfano wetu inasomeka hivi: 21:08, simu ya video, dakika nne, picha 1. 21:17, adai 1,500,000 na kutaja mke, picha 4 na 5, sikujibu. 21:52, picha ya YouTube asilimia 87, saa ya juu ya picha yake inasoma 14:10, picha 7. 22:20, ashuka hadi 300,000, picha 8, sikujibu.

Angalia jinsi saa zilivyoandikwa. Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa kuanzia alfajiri, nao wenzetu wa Luganda vilevile, lakini simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "saa tatu usiku" na picha inasema 21:17, nawe tunaelewana. Ila maelezo ya polisi yataandikwa kwa Kiingereza na afisa anayekusikiliza kwa Kiswahili, na hapo "saa tatu" inaweza kugeuka kuwa 3:00. Baadaye wakili wa mshtakiwa atauliza ilikuwaje tishio lije saa sita kabla ya simu. Andika tarakimu nne kama simu inavyoonyesha, na useme hivyohivyo. Tarehe nazo andika mwezi kwa jina, kwa sababu 03/04 mwingine husoma Machi na mwingine Aprili.

Tano: hifadhi bila kuivujisha wewe mwenyewe

Picha za skrini hupanda zenyewe Google Photos kama umeruhusu, na kama tableti ya nyumbani imeunganishwa na akaunti hiyohiyo, watoto wataziona kabla ya polisi. Zima kupanda huko kabla ya kupiga picha ya kwanza. Weka nakala mbili: moja ndani ya simu, nyingine kwenye fleshi au kadi ya kumbukumbu unayoifungia mahali. Hamisha kwa waya, kwenye kompyuta yako au ya mtu wa kuaminika. Usipeleke kazi hii intaneti kafe wala kwa fundi simu, kwa maana faili huachwa kwenye mashine.

Ukilazimika kumtumia wakili kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha. Ukituma kama picha, WhatsApp huibana na kuondoa taarifa zilizomo ndani yake, na kilichofika si kile kilichotoka.

Kama una kompyuta ya Windows, fungasha faili zote kwenye zip moja na upate alama yake ya utambulisho:

```
certutil -hashfile ushahidi.zip SHA256
```

Itatoa mstari wa herufi na tarakimu 64. Unakili kwenye daftari pamoja na tarehe. Ikibadilika hata nukta moja ndani ya zip, mstari huo unakuwa mwingine kabisa, kwa hiyo yeyote anaweza kuthibitisha baadaye kwamba faili ni lilelile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inaitaka mahakama ipime namna rekodi ilivyoundwa na kutunzwa na kama imebaki nzima, na hiki ndicho kinachojibu swali hilo. Asiye na kompyuta asijali. Simu asili, isiyofutwa, isiyowekwa upya, isiyouzwa, inashinda yote.

Aliye chini ya miaka 18 ana kanuni tofauti, na hapa sikubali mjadala. Ikiwa picha au video ni ya mtoto, hata kama mtoto huyo ndiye mwathiriwa na wewe ni mzazi wake, usiinakili, usiipige picha, usimtumie mtu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaharamisha kuwa nayo na kuisambaza. Piga picha za maneno ya vitisho tu, yale yasiyokuwa na picha hiyo kwenye skrini, mengine yaache ndani ya simu ilivyo, na upige namba 116, laini ya bure ya kusaidia watoto Uganda.

Sita: kituo cha polisi

Sasa ile hofu ya "wataanza na wewe". Watu wanakumbuka Sheria ya Kupinga Ponografia ya 2014 na wanawake waliofikishwa mahakamani baada ya picha zao kuvujishwa na wengine. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo Agosti 2021, kikiwemo kile kilichotengeneza kosa lenyewe. Kudai hela kwa vitisho, kwa upande mwingine, ni kosa lililomo kwenye Kanuni ya Adhabu tangu zamani. Kuna hali moja ambapo ningeanza kwa wakili kabla ya LC au polisi: pale yaliyomo yanaweza kukutia hatiani chini ya sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Watishaji wanaijua sheria hiyo na wanaitumia. Wakili anaweza kuwasilisha malalamiko ya vitisho bila wewe kumwaga kila kitu kaunta. Wanawake wanaweza kupata msaada wa kisheria FIDA Uganda.

Kituoni, omba kuandikishwa na upewe namba ya SD, yaani namba ya tukio kwenye kitabu cha kituo pamoja na tarehe. Iandike daftarini kabla hujatoka. Bila hiyo, ukirudi wiki ijayo unaanza upya. Jalada likifunguliwa, uliza na namba ya CRB, yaani namba ya jalada lenyewe. Kituo kidogo huenda kisijue la kufanya na kesi ya mtandaoni. Waombe waipeleke kwa wapelelezi wa wilaya au makao makuu ya CID, Kibuli. Afisa akitaka kuichukua simu, ni haki yake kama kielelezo, nawe omba karatasi inayotaja aina ya simu, namba ya IMEI (bonyeza *#06# uione) na jina la aliyeipokea. Usimtumie afisa video yako kwenye WhatsApp yake binafsi. Mwonyeshe kwenye simu, na kama anahitaji nakala, apewe kwa fleshi iliyoandikishwa.

Kama ulishalipa, usifute SMS ya muamala. Namba ya muamala iliyomo ndiyo uzi wa kuvuta. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo uombe kuzuia hela, ukijua kwamba zikishatolewa kwa wakala hazirudi kwa njia hiyo. Jina la mwenye laini kampuni haitakupa wewe. Itawapa polisi wenye amri ya mahakama.

Saba: ndipo ufunge mlango

Ushahidi ukiwa salama, mripoti na kumblock. Ukibonyeza "Report" kwenye WhatsApp, kisanduku kinachotokea huwa na alama ya kumblock na kufuta mazungumzo kwa pamoja. Iondoe alama hiyo. Nimeona kazi ya usiku mzima ikipotea kwenye kisanduku hicho. Kuripoti hupeleka kwa WhatsApp jumbe tano za mwisho tu, kwa hiyo hakuchukui nafasi ya yote uliyofanya.

Fanya Instagram yako iwe ya faragha na ufiche orodha ya marafiki Facebook. Kisha, kama una nakala ya picha anayoishikilia na una miaka 18 au zaidi, nenda stopncii.org. Picha haitoki kwenye simu yako: mfumo hutengeneza alama yake hapohapo na kutuma alama pekee kwa majukwaa yanayoshiriki, yakiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili yaizuie ikipandishwa. Kwa picha za walio chini ya miaka 18 kuna takeitdown.ncmec.org. Mipaka yake uijue: haiwezi kuona ndani ya WhatsApp, na video aliyoirekodi mtishaji ambayo wewe huna nakala yake huwezi kuitengenezea alama. Akiikata au kuibadilisha sana, inaweza kupita.

Mwenye duka wa Malaba, asubuhi iliyofuata saa 09:35, alipata ujumbe kutoka namba nyingine: "Mimi ni afisa wa CID. Video yako imefika mezani kwangu. Lipa 450,000 ya kuifuta." Ni yuleyule au mwenzake, na hii ni sehemu ya mchezo. Afisa wa kweli hukutaka ufike kituoni, hakupi namba ya kutuma hela, wala hakuna ada ya kufuta video. Namba hiyo mpya ikapewa mstari wake daftarini, rekodi yake ya skrini, picha namba 11 hadi 13, na ikaongezwa chini ya namba ileile ya SD.